Kusaka hazina Jumamosi

Habari zenu wazazi. Watoto wetu 12 watasaka hazina Jumamosi saa 3:00 asubuhi, bustanini kwa Mama Neema.

1. Mchango ni sh. 5,000 kwa mtoto, mwisho Alhamisi jioni.

2. Makundi ni mawili, bahasha nyekundu na za bluu. Vituo ni 6 vilevile, ila bluu wanaanzia cha nne, wasifuatane. Kila mtoto asome fumbo moja kwa sauti, vinginevyo mwepesi wa kusoma atamaliza yote.

3. Baba Juma, utaficha bahasha saa 2:30 asubuhi hiyohiyo, si usiku, maana umande unalowesha karatasi. Tafadhali angalia, hapa ndipo tunapokosea: fumbo la bomba haliwekwi bombani, linawekwa kituo kinachotangulia. La bomba ni hili:

Nasimama bustanini,
najaza maji ndooni,
nitazame mgongoni.

Mstari wa tatu usikatwe. Ndio unaowaambia watafute upande gani, la sivyo watang'oa maua. Bahasha iwe usawa wa macho yao au chini.

4. Mama Asha, simama karibu na kisima chenye mfuniko. Hapo hatufichi kitu.

Mzazi, ukija na mtoto, andika "Tupo" na jina la mtoto kabla ya Alhamisi, nipange makundi. Asanteni sana.