Mwezi wa 14 au wa 131?

Ndugu Mhariri,

Ninafundisha hisabati sekondari. Wanafunzi wangu wanazijua kwa ghibu kanuni za mfuatano wa kihesabu na wa kijiometri, na ukiwapa namba tupu wanakokotoa bila shida. Wakikutana na hesabu za mafumbo, hasa za akiba ya kila mwezi, wanapotea mapema kabisa. Naomba ushauri wa walimu wenzangu na wa yeyote aliyewahi kulivuka hili.

Chukua swali hili. Mtu anaweka akiba ya shilingi 5,000 mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi anaweka 1,500 zaidi ya mwezi uliotangulia. Akiba yake itafika 200,000 baada ya miezi mingapi?

Wengi walichukua kanuni ya kiasi cha mwezi wa n, wakaandika 5,000 + (n − 1) × 1,500 = 200,000, wakapata n = 131. Ukokotoaji wenyewe hauna dosari. Ila wamejibu swali ambalo halikuulizwa: ni mwezi gani mtu huyu ataweka 200,000 kwa mkupuo mmoja. Kufikia mwezi huo jumla ya akiba yake ingekuwa imepita milioni 13! Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Kinachotafutwa ni jumla:

n/2 × [2 × 5,000 + (n − 1) × 1,500] = 200,000

Ukirahisisha unabaki na 3n² + 17n − 800 = 0, na jibu chanya ni takriban 13.74. Hapa tena wanagawanyika. Wapo wanaoandika miezi 13 na siku 22, ilhali mtu huyu haweki kidogo kidogo kila siku, anaweka mara moja kwa mwezi. Wapo wanaoandika 14 kwa sababu 13.74 iko karibu na 14. Hao wamepata, lakini kwa bahati: lingekuwa 13.2 wangeandika 13, na lengo lingekuwa bado halijafikiwa. Huwa nawataka warudi kwenye fedha zenyewe. Baada ya mwezi wa 13 ana 182,000, bado hazitoshi. Mwezi wa 14 anaweka 24,500, jumla inakuwa 206,500. Hapo ndipo 14 inapokuwa jibu lenye sababu.

Nimejaribu kuwazuia wasiguse kanuni yoyote mpaka waandike miezi mitatu ya mwanzo katika safu mbili, moja ya kiasi kilichowekwa na nyingine ya jumla. Kiasi ni 5,000, 6,500 na 8,000. Jumla ni 5,000, 11,500 na 19,500. Kisha nawauliza: ile 200,000 ya kwenye swali inakaa safu ipi? Kosa la 131 limepungua sana. Lakini limezuka jingine. Baadhi wanaendelea kujaza jedwali mpaka mstari wa 14, wanapata jibu sahihi, na hawaigusi kanuni kabisa. Swali likihitaji miezi 90 watakwama, nami sitaki kuwanyima alama kwa kazi iliyo sahihi.

Tatizo la pili linatoka kwa watunga maswali. Kuna swali lililosema mtu anaanza na 5,000 na "anaongeza asilimia 10 kila mwezi". Asilimia 10 ya nini? Ikiwa ni ya mwezi uliotangulia, mfuatano ni wa kijiometri: 5,000, 5,500, 6,050. Ikiwa ni ya mwezi wa kwanza, ni wa kihesabu: 5,000, 5,500, 6,000. Miezi miwili ya mwanzo inafanana kabisa, kwa hiyo mwanafunzi anayepima kwa miezi miwili tu hawezi kuona tofauti. Mwezi wa tatu ndio unaofichua, na ndiyo maana nadai mitatu. Tofauti si ndogo: kwa lengo lilelile la 200,000, usomaji wa kwanza unatoa miezi 17 na wa pili miezi 21. Mimi nawafundisha kwamba swali lisipofafanua, wachukue mwezi uliotangulia na waandike hivyo juu ya kazi yao. Mwenzangu mmoja anapinga, anasema mwanafunzi hapaswi kujiongezea maneno kwenye swali.

Je, ninyi mnawavusha vipi wanafunzi kutoka kwenye jedwali hadi kwenye kanuni bila kuwafanya waone jedwali ni kosa? Mnaligawaje alama jibu la jedwali tupu? Na kwenye ile asilimia isiyofafanuliwa, mnasahihisha kwa usomaji mmoja au mnakubali yote mawili, mradi mwanafunzi ameeleza alichokichukua?

Mwalimu wa hisabati