Bi Nuru, nimepata

Mombasa, Julai

Bi Nuru, shikamoo.

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, goti limetulia, na wajukuu hawajakumaliza. Sisi huku hatujambo. Kusi inavuma, bahari imechafuka, na Mama Riziki bado anauza viazi karai pale pale mlangoni Shimanzi. Anakusalimu sana, anasema ulimhama bila kumuaga vizuri.

Nimepata! Chevening, wale wa ufadhili wa masomo Uingereza, wamenijibu. Mwezi wa tisa, Mungu akipenda, naenda Cardiff mwaka mzima kusoma mambo ya usafirishaji wa mizigo. Nilikupigia ile jioni nikiwa nimeshikwa na kilio, wewe ukanikata maneno: “Mimi sikufanya kitu mwanangu, ni jitihada zako.” Nikanyamaza kwa heshima. Lakini silikubali neno hilo, na ndiyo maana nimekaa nikaandika barua badala ya kutuma ujumbe kwenye simu.

Kabla yako nilimwendea mtu mwingine aniandikie barua ya mapendekezo, mwenye cheo kikubwa tu, simtaji. Akanijibu kwa wema kabisa: “Andika mwenyewe, niletee nitie sahihi.” Unajua hapa mjini ndivyo wengi wafanyavyo, wala hawana nia mbaya. Ila barua ya namna hiyo huwa ni ile ile: mchapakazi, mwaminifu, anaelewana na wenzake, nampendekeza bila kusita. Badilisha jina, umpe jirani, itamfaa pia. Nilipokuja kwako nilikuwa tayari nimeandika ukurasa mmoja wa barua kama hiyo ili nisikusumbue. Hukutaka hata kuisoma. Ukasema niletee ile insha yangu ya maombi na yale mambo wanayoyapima. Nikakutumia yote manne: uongozi, kujenga uhusiano na watu, mpango wa masomo, na mpango wa kazi baada ya masomo. Ukachagua uongozi peke yake, ukaniambia hayo mengine nitajisemea, ila hakuna anayeaminika akijisifu kuwa yeye ni kiongozi.

Halafu maswali! Kombo alidhani nahojiwa na polisi. Ule usiku wa makontena ya avokado, nani alikuwa zamu? Nilimwambia nini fundi? Kwa nini alinikubalia wakati mimi si bosi wake? Nilikuwa nimeanza kusahau, na wewe ukafukua barua pepe za zamani mpaka ukapata tarehe.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, Bi Nuru. Umeanza kwa kusema unanijua kwa kazi gani, tangu lini hadi lini, na kwamba ulikuwa msimamizi wangu wa moja kwa moja. Ukaeleza wazi kwamba kampuni ile umeshaiacha, ndiyo maana karatasi ina nembo ya kazi yako ya sasa. Mimi hilo lilikuwa limenitia wasiwasi, nikiogopa wataona haina uzito. Kumbe mstari mmoja wa ukweli umetosha.

Kisha ukaingia kwenye kisa chenyewe. Kontena mbili za baridi zimetoka Murang'a zimejaa avokado, zimechomekwa umeme yadini, na karatasi ya maagizo ina alama ya kutoa mbele ya tano mahali ambapo haikupaswa kuwapo. Fundi akaseti kama alivyoandikiwa. Mimi nilikwenda tu kulinganisha namba za sili, nikaona kwenye kile kioo kidogo cha mashine: -5.0. Matunda yenyewe yalikuwa bado yako nyuzi saba, yanashuka. Avokado ikiganda imekwisha. Ikiyeyuka nyama inakuwa nyeusi, na mnunuzi wa Ulaya hataipokea. Na wewe umeandika jambo ambalo mimi nisingefikiria kuliandika: kwamba fundi hakuwa na ruhusa ya kubadilisha joto bila maandishi ya wakala wa meli, kwamba ilikuwa usiku, na kwamba sikumgombeza wala kumwomba avunje utaratibu. Nilimwomba azime mashine kwa muda, kwa kuwa boksi lina kuta nene na matunda hayapati joto upesi, nami nikae kwenye simu mpaka wakala aamke na kutuma maagizo mapya. Akakubali, tukasubiri pamoja, maagizo yakaja.

Ukamalizia na ile karatasi iliyofuata, ambapo kila joto linaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, “tano juu ya sifuri”, na watu wawili wanatia sahihi kabla ya kuchomeka. Bado inatumika, nimeiona juzi.

Na kile ulichokisema waziwazi! “Hakuwahi kuwa na mfanyakazi hata mmoja chini yake.” Nilipokifikia moyo ulinipasuka, nikadhani umenimaliza. Nikasoma mbele: “Ndiyo maana nasema aliongoza.” Nilivyokaa kwenye usaili wakaniuliza swali ambalo nadhani huwauliza wengi, nitoe mfano wa kuwashawishi watu nisio na mamlaka juu yao. Sikutafuta jibu. Wewe ulikuwa umeshanikumbusha hadi fundi alisimama upande gani wa kontena. Nikaeleza polepole kwa mpangilio wako, na waliponihoji zaidi nilikuwa na cha kusema kila mara. Sasa niambie hukufanya kitu.

Sasa hivi ni mbio za viza. Lazima niende Nairobi kupimwa kifua kikuu, kwa kuwa nitakaa zaidi ya miezi sita. Mama ameshaanza kununua masweta Kongowea. Na nikimaliza ni lazima nirudi nyumbani miaka miwili, hilo ni sharti lao, nami nalipenda. Nataka kusoma habari ya safari hizi za matunda tangu meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka kusini mwa Afrika. Wiki kadhaa za ziada baharini kwa tunda linaloiva! Nikirudi nataka tukae mimi na wewe tulizungumze, maana wewe uliziona siku ambazo meli hazikuchelewa hivi.

Sasa nina shida, ndiyo sababu ya pili ya barua hii. Yule kijana wa Changamwe, aliyekuja kwa mazoezi ya kazi, ameniomba mimi nimwandikie barua ya chuo. Ni kijana mzuri, ila nimefanya naye kazi muda mfupi tu, na kisa kimoja kikubwa kama chako sina. Niandike kidogo nilichokiona kwa macho yangu, au nimwambie atafute mtu anayemjua zaidi? Wewe ulishawahi kumkatalia mtu? Ulimwambiaje asivunjike moyo? Na ukiona upungufu kwa mtu unayempenda, unauweka mwanzoni au mwishoni? Kombo pia anataka kuomba mwakani: je, naweza kumwonyesha barua yako, au ibaki baina yetu?

Na utakuja lini Mombasa? Nataka kukuaga kwa mikono miwili kabla sijaondoka. Ukishindwa kwa sababu ya goti, mimi nitakuja Malindi na Mama Riziki, ameshasema viazi vyake vinavumilia safari. Jumamosi gani inakufaa?

Mwanao,
Saumu