Mkongojo wa bangoni umeshikwa vibaya

Mhariri,

Bango jipya la duka moja la dawa hapa Dar es Salaam linamwonyesha bibi aliyefungwa bandeji goti la kulia, naye ameshika mkongojo kwa mkono huohuo wa kulia. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na hilo ndilo kosa ninalolisahihisha kila siku kwa wagonjwa. Mkongojo hushikwa upande wa mguu mzima na husogezwa pamoja na mguu mgonjwa, ndipo goti linapopunguziwa uzito. Tena ule wa bangoni ni mrefu mno, umempandisha bega. Kuupima ni rahisi: mtu asimame wima amevaa viatu vyake, mikono ikining'inia, mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono, ili akiushika kiwiko kikunjike kidogo tu.

Mgongo nao wamemkunja makusudi, kana kwamba kila mzee huinama. Wangemtafuta mtu anayetumia mkongojo kweli, wamlipe kama mwigizaji mwingine yeyote, wampige picha anavyosimama mwenyewe. Na mfamasia anapoeleza dawa amtazame mzee mwenyewe, si mjukuu aliyemsindikiza.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Temeke, Dar es Salaam