Sonona haionekani kwenye kipimo cha malaria

Mhariri,

Mdogo wangu ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mwaka jana alipimwa malaria mara tatu kwa sababu ya uchovu na kichwa kizito. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Angeulizwa, angesema anashtuka saa tisa usiku na usingizi haurudi, na kwamba mpira wa Jumapili, aliokuwa hakosi, haumvutii tena. Nyumbani tulisema ni uvivu, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeuliza: hali hii ina muda gani? Miezi miwili. Huzuni ya kawaida huja na kupungua, na katikati yake mtu hucheka. Lakini moyo ukizama karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na kazi zikaanza kulala, huenda ni sonona, na inatibika. Alimuuliza pia waziwazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Alipewa dawa na miadi ya mazungumzo. Wiki ya kwanza alipata kichefuchefu tu, akataka kuacha. Kumbe dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla moyo haujaanza kuinuka, na haziachwi bila daktari. Wiki ya tano nilimkuta kibandani asubuhi, anabishana na mteja kuhusu pindo.

Msomaji,
Morogoro