Madamu wa Kemia anarudi Jumatatu

Mama Neema mpendwa,

Barua yako nimeipata, na salamu za wazee zimefika. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo imetuganda, nguo hazikauki.

Kumbe madamu wa Kemia, aliyekuwa anaumwa tangu muhula uliopita, anarudi Jumatatu, na mkuu wa shule amekuachia wewe, mwalimu wa taaluma, kazi ya kumpokea! Unaniuliza mimi mmpokeeje bila ofisi kunyamaza ghafla, kwa sababu unajua nami nilishawahi kukaa nyumbani naumwa muda mrefu, kisha nikarudi kwenye ofisi ya walimu iliyojaa macho. Basi nikwambie ninavyoona.

Mpigie simu mapema, Ijumaa mchana, usingoje Jumapili usiku wakati tayari roho inamdunda. Ugonjwa usiuulize. Muulize angependa walimu wenzake waambiwe nini, halafu muulize kazi gani anaimudu kwa sasa. Akikwambia, "Waambie nilikuwa naumwa, sasa nina nafuu," hayo hayo ndiyo uwapelekee walimu, bila kutia chumvi. Akisema hataki lisemwe lolote, utatangaza siku anayorudi basi.

Hilo swali la kazi ndilo watu wengi hulikwepa, wakidhani ni umbea, kumbe ndilo la haki. Vipindi vya maabara vinakuja viwili viwili, dakika themanini mtu amesimama. Je, ataweza? Harufu za kemikali zinamsumbua? Siku gani ana kliniki, ili usimpangie darasa saa hizo? Yale madarasa ya ghorofani vipi? Ukishajibiwa hayo unaweza kupanga ratiba yote bila kujua jina la ugonjwa. Cheti cha daktari ni cha mwajiri, kikae kwenye faili lake. Kisipite mezani kwako, sembuse kwa karani.

Tuseme alikuwa na vipindi ishirini na vinne kwa wiki. Mwanzie na kumi na vinne, umwachie kidato cha nne kama mwenyewe anakitaka, na mwenzake aliyeshikilia darasa abaki naye maabara kwa majaribio. Zamu ya wiki mwondolee mpaka mwezi ujao. Ila mwoneshe hiyo ratiba kabla hujaibandika ukutani. Mimi niliporudi nilikuta darasa langu la mtihani limeshagawiwa mtu mwingine "ili nipumzike". Walikuwa na nia njema, lakini nilijiona mgeni katika shule niliyoifundishia miaka. Afadhali kumuuliza mtu akakataa kuliko kumhurumia bila kumuuliza.

Sasa asubuhi yenyewe. Nakusihi, asisimamishwe mstarini mbele ya wanafunzi, na yule mwenzenu wa maombi asimwekee mikono kichwani kwenye kikao cha walimu. Anayetaka kumwombea, amwombee nyumbani kwake, Mungu anasikia. Akiingia ofisini, kila mmoja ampe mkono na kumwambia, "Pole na kuugua, karibu tena." Atajibu, "Asante, nimeshapoa." Sisi tuna bahati, salamu yetu imeshaweka nafasi ya ugonjwa ndani yake, na ikijibiwa imekwisha. Balaa linaanzia pale mtu anapoongeza la pili: "Ilikuwa nini hasa?" au, "Eh, umepungua!" Hata "umenawiri" siyo salama, maana dawa nyingine humvimbisha mtu uso, na yeye anajiangalia kwenye kioo kila siku. Mwili wake uachwe kabisa.

Aliyenipokea vizuri kuliko wote siku ile alikuwa mhasibu wetu, mzee asiye na maneno mengi. Alisema, "Pole mwalimu, karibu. Funguo za kabati lako ninazo mimi, na chaki zako hakuna aliyezigusa." Kisha akanieleza kwamba fomu za posho zimebadilika, akanionesha pa kusaini. Nilitaka kumkumbatia! Kwa hiyo meza ya madamu isafishwe kabla hajafika, madaftari ya watu yatolewe, na mtu mmoja apewe kazi ya kumsimulia yaliyopita: mada waliyofikia kidato cha nne, nani amehama, mtihani wa majaribio unaanza lini.

Ukimya unaouogopa hauletwi na kukosa la kusema. Watu hukatiza mazungumzo mlango unapofunguka, naye akajua alikuwa anasemwa. Dawa yake ni kuendelea na mlichokuwa mnakibishania, na kumvuta ndani: "Madamu, njoo utuamulie, huyu anasema Yanga walionewa." Saa nne, wakati wa chai, akae pale pale alipozoea. Ukiona siku ya tatu anapeleka chai yake maabara, au anabaki darasani kengele ikishalia, ujue ofisini kuna mtu anamchokonoa. Mtafute huyo, umwambie pembeni, "Mwenyewe akitaka atatuambia."

Na kama mwenyewe ataanza kusimulia? Msikilizeni. Asitokee wa kumwambia shangazi yake aliumwa hivyo hivyo akafa, wala wa kumletea unga wa mlonge na namba ya mganga.

Kuna jambo moja la pesa ambalo walimu wako huenda hawalifikirii. Nyinyi ni shule binafsi, mnakwenda na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ndani ya miezi 36 mfanyakazi ana siku 126 za likizo ya ugonjwa: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Hesabu mwenyewe, madamu yuko nyumbani tangu muhula uliopita. Yawezekana miezi ya mwisho alikuwa anakula nusu mshahara huku nauli za hospitali zikitoka mfukoni. Wapo wanaorudi kazini siku zimewaishia, hawajapona sawasawa. Kwa hiyo daftari la mchango wa harusi lisimfikie wiki hiyo, na mweka hazina wa kikoba asimkumbushe marejesho mbele za watu. Ukiweza, muulize mkuu zimebaki siku ngapi na umnong'oneze madamu, ili asikurupuke kuomba ruhusa asijue inakatwa wapi.

Kazi kubwa itakuwa wiki ya tatu. Wiki ya kwanza kila mtu anambebea mkoba. Ikifika ya tatu anaonekana mzima, anacheka, na watu wanaanza kumrushia vipindi vya ziada na usimamizi wa mitihani, naye anaona aibu kukataa. Wanafunzi watakuonesha kabla ya mwenyewe: utawasikia wakisema siku hizi madamu anafundisha amekaa, au kazi za Jumatatu zinarudi Ijumaa bila kusahihishwa. Hapo mkae wawili, umuulize kama ile ratiba ya kumi na vinne iendelee mpaka mwisho wa muhula. Uliza kuhusu vipindi, afya ataigusa akipenda.

Nitumie ratiba ukishaipanga, niitazame. Najua unavyopenda kubana Kemia na Fizikia siku moja. Na yule mwenzenu wa maombi umseme mapema, usingoje Jumatatu asubuhi.

Msalimie Neema na baba yake.

Wako,
Mama Bahati