Homa ikishuka kwa panadol, bado kapime

Mhariri, naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu wa Morogoro kuhusu malaria msimu huu wa mvua. Mtoto mdogo akichemka usiku na kukataa kunyonya au uji tunampa panadol, asubuhi anacheza tunasema kapona, kumbe joto tu ndo limeshuka, vimelea bado viko kwenye damu na jioni homa inarudi. Mpelekeni zahanati siku hiyohiyo, kipimo cha kidole majibu ni dakika kama 20 tu. Akipata degedege, akitapika kila kitu au haamki vizuri, hiyo dharura jamani, msisubiri kukuche. Neti nayo chomekeeni chini ya godoro, mguu ukiigusa mbu anang'ata kwa nje. Madimbwi ya uani fukieni, mayai yanakuwa mbu ndani ya wiki mbili hata kabla.