Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: mkopaji apewe siku za kujiondoa

Mheshimiwa Gavana,

Dada yangu anauza nguo Gikomba. Aliomba mkopo wa shilingi 300,000 kwa taasisi moja hapa mjini, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Barua ya ofa ilifunguliwa mbele yake penye ukurasa wa mwisho, akaonyeshwa pa kutia sahihi. Nakala yake aliipata pesa zikiwa zimeshaingia.

Ziliingia 286,500. Ada ya kushughulikia mkopo ilikuwa imekata 9,000, bima 4,500. Siku ya tano mwenye mzigo aliotaka kuununua akaghairi, naye akarudi kurudisha pesa, hata senti hajagusa. Akaambiwa alete 300,000, riba ya mwezi mzima 3,500, na faini ya kulipa mapema 15,000. Yaani atoe 32,000 mfukoni kwa pesa ambazo hakuzitumia. Faini hiyo ilikuwa ndani ya barua, katika ukurasa ambao hakufunguliwa.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu agizo lake la mwaka 2008 kuhusu mikopo ya wateja, mkopaji ana siku 14 za kujiondoa bila kutoa sababu. Siku zinaanza kuhesabiwa mkataba unapofungwa, au anapopokea masharti kwa maandishi, lolote litakalokuja baadaye kati ya hayo mawili. Akishatoa taarifa, ana siku 30 za kurudisha mtaji na riba ya siku alizokaa na pesa. Mkopeshaji hadai kingine, ila malipo yaliyokwisha kwenda serikalini yasiyorudishwa. Kwa hesabu ya namna hiyo, ada na bima zikifutwa, dada angerudisha 286,500 na riba ya siku tano, kama shilingi 550.

Hapo kwenye ada ndipo ninapokuomba uwe mkali. Siku za kujiondoa zisizorudisha ada ni haki ya karatasi tu, kwa sababu mkopaji hana pa kuitoa hiyo 13,500. Wakopeshaji watasema kukagua mteja kuna gharama, na ni kweli. Basi wampe barua aende nayo nyumbani siku mbili tatu kabla ya kutoa pesa. Anayeghairi hapo hajamgharimu mtu sana.

Ukurasa wa kwanza wa barua hiyo useme kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa: utakachopokea mkononi, jumla utakayolipa hadi mwisho, kama riba inaweza kupandishwa katikati, na gharama ya kulipa mapema. Mtu akilinganisha hizo namba mbili za kwanza, anaona bei halisi ya mkopo hata kama riba imeandikwa kidogo.

Naomba mwongozo wenu wa kuwalinda wateja uandike haya kama amri kwa kila mkopeshaji mwenye leseni yenu, na mkopaji akikosa kupewa nakala, siku zake zisianze kuhesabiwa.

Wako mwaminifu,
Mkaazi wa Kariobangi, Nairobi